Kadi Tatu Ndani ya Kitabu cha Sala

"Mama Albertine, hivi mkono wako bado unaandika kama zamani?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Delphine Cyr, Jumamosi moja ya Februari, amesimama mlangoni pangu anakung'uta theluji kwenye buti. Nilikuwa nageuza ploye, chapati zetu nyembamba za hapa bondeni, kwenye kikaango. Nikamwambia mkono bado unaandika, ni magoti tu yaliyostaafu, na afunge mlango kabla baridi haijaingia na mizigo yake ikahamia kabisa.

Aliingia na kitabu kinene kwapani na paketi mbili za kadi nyeupe, zile ngumu za ukubwa wa kiganja, upande mmoja una mistari na upande wa pili mtupu. Akaviweka mezani, akajikatia ploye moja kwenye sahani bila kukaribishwa. Nami nilipenda hivyo. Tangu Normand wangu afariki, miaka minne sasa, mtu pekee aliyekula kwangu bila kukaribishwa alikuwa Delphine.

"Nina siku kumi na nne," akasema na mdomo umejaa. "Wiki ile ya mafua nimekosa masomo yote. Wenzangu wameshafika kwenye magonjwa, mimi bado natandika vitanda. Bi Pelkey anasema kama sijayashika maneno ya mwisho wa kitabu, haniruhusu kwenda kwa wagonjwa."

Bi Pelkey alikuwa mwalimu wake. Delphine alikuwa anasomea usaidizi wa wauguzi. Miaka kumi na sita alifunga mifuko kwenye kiwanda cha viazi, mstari uleule niliofanyia kazi mimi kabla yake, na kiwanda kilipofungwa alibaki na nyumba ya marehemu mama yake na gari lisilowaka asubuhi. Dada yake alikuwa Connecticut, kila Jumapili anampigia simu: njoo huku, kuna kazi. Delphine hakutaka. Alitaka kubaki hapa bondeni, kando ya mto, alikozaliwa. Cheti kile ndicho kingembakiza. Akikosa cheti, anaondoka. Aliniambia mara nyingi, na mimi nilikuwa nalisikia neno hilo kila mara kwa moyo wangu, kwa maana akiondoka yeye, upande ule wa ua wangu ungekuwa giza.

"Vijana wanaweka kwenye simu," akasema. "Mimi simu yangu ikiona kitu kirefu inazimika. Nataka kadi za kushika. Upande huu neno, upande huu maana. Lakini nikiandika mimi, Mungu anisamehe, hata mimi mwenyewe sisomi."

"Mwandiko wako ni wa kuku aliyetoroka," nikamwambia.

"Kuku mwenyewe mgonjwa. Ndiyo maana nimekuja kwa mwanafunzi wa masista."

Niliacha shule darasa la sita, mavuno ya viazi yaliponichukua na hayakunirudisha. Lakini katika miaka ile sita masista walinipa kitu kimoja, mwandiko. Kanisani mpaka leo majina ya marehemu wa mwezi naandika mimi. Kwa hiyo nilichekelea ndani kwa ndani. Kiburi kinamwingia mtu hata kwa mlango mdogo namna hiyo.

Akanifungulia kitabu kurasa za mwisho. Orodha ya maneno ya Kiingereza, moja chini ya jingine kwa mpangilio wa alfabeti. Kushoto maneno yenyewe kwa wino mzito, kulia maana zake. Mia moja thelathini na sita, alishayahesabu.

"Andika moja moja, mama," akaniambia akivaa koti. "Neno, geuza, maana, weka chini. Ndipo lingine."

"Sawa, mwanangu."

Nikasema sawa, lakini sikufanya hivyo.

Kwa nini sikufanya hivyo, nitaeleza, kwa sababu ndiyo habari yote. Miaka ishirini na miwili kiwandani tulifundishwa kwamba mtu hafanyi kazi mbili kwa mfuko mmoja. Unafanya kazi moja kwa mifuko yote, kisha ya pili kwa mifuko yote. Anayejaza anajaza, anayeshona anashona. Kushika hiki, kuacha, kushika kile, tuliita uvivu unaojifanya bidii. Kazi hiyo ilishaingia kwenye mifupa yangu. Basi Jumatatu baada ya rozari ya asubuhi niliketi na kalamu nyeusi, nikaandika maneno yote kwanza, kadi moja neno moja, upande mtupu. Kila niliyomaliza niliilaza kifudifudi juu ya mwenzake. Safu ya kulia ya kitabu niliifunika kwa kipande cha gazeti isinichanganye macho.

Kesho yake nikaligeuza fungu lote, kadi ya kwanza ikawa juu, nikaanza maana. Sasa nikafunika safu ya kushoto. Naichukua kadi, naigeuza upande wa mistari, naandika maana inayofuata, naiweka. Ninapoandika, neno lenyewe limelala chini ya kadi, silioni, na sina haja ya kuliona. Rula naishusha maana kwa maana. Nilijiwekea kanuni: kila panapoanza herufi kubwa ni maana mpya, ni kadi mpya. Kazi ilikwenda kama maji. Mchana Delphine alichungulia dirishani akaniona, akanionyesha kidole gumba, nami nikampungia rula.

Nilipofika mwisho, kadi ya mwisho ilikutana na maana ya mwisho. Mia moja thelathini na sita kwa mia moja thelathini na sita. Sikuridhika na hesabu tu, mimi si mtu wa kuridhika upesi. Nilichukua kadi kumi za juu nikazilinganisha na kitabu, zote sawa. Nikachukua kumi za chini, zote sawa. Nikapiga ishara ya msalaba, nikazifunga kwa utepe wa buluu uliobaki kwenye keki ya ubatizo wa mjukuu wa dada yangu. Kumi za juu na kumi za chini. Katikati sikutazama.

Wiki mbili zile zilikuwa za furaha, sitaki kusema uongo. Jioni, chakula kikiisha, Delphine alikuja na kuketi mbele yangu kama mtoto wa shule, mimi nashika kadi. Namsomea neno kwa sauti, maneno yale ya madaktari ambayo ulimi wangu uliyapanda kama ngazi mbovu, naye anatoa maana. Mimi naona maana upande wangu, naye haoni.

"Sianosisi," nasema.

"Ngozi au midomo kuwa ya buluu kwa kukosa hewa."

"Sawa. Edema."

"Kuvimba kwa sababu ya maji mwilini. Kama miguu yako."

"Miguu yangu iache. Disfajia."

"Hiyo… ngoja. Shida ya kutamka maneno kwa sababu misuli ya ulimi imelegea."

"Sawa kabisa."

Nilisema sawa kabisa. Kwa mdomo wangu huu huu unaopokea komunyo. Na si mara moja. Jioni nane au tisa nilimsomea neno lile, na kila mara alijibu vile, na kila mara nilimwambia sawa, nikamwekea kadi upande wa alizozijua.

"Mama, ungekuwa mwalimu wewe," aliniambia siku moja.

"Ningekuwa mwalimu ungechapwa."

"Kwa magoti hayo? Ungenifikia wapi?"

Akafaulu jaribio la maneno, alikosa mawili tu kati ya ishirini. Disfajia haikuwamo. Ingekuwamo, angekosa matatu, angeuliza, tungeona. Mungu ana njia zake na mimi sizijadili, ila neno lile halikuwamo.

Wakampeleka kwa wagonjwa kwenye nyumba ya wazee iliyo juu ya kilima. Wanafunzi sita na Bi Pelkey mmoja. Siku ya tatu, wakati wa chai ya asubuhi, Bi Pelkey alimpa amhudumie mzee Lucien Ouellette, aliyerudi kutoka hospitali jana yake. Alimwambia, "Huyu ana disfajia. Unajua la kuangalia?" Delphine akasema, "Najua." Bi Pelkey akaenda chumba cha pili.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, siku ileile, ameketi jikoni kwangu na koti hajavua.

"Nilijua hawezi kusema vizuri, mama. Basi nikamwambia, mzee, usijichoshe, wewe nionyeshe kwa kidole. Trei yake ilikuwa na vitu vizito vizito, vya kukoroga, hakuvitaka. Akaonyesha kahawa ya mwenzake wa kitanda cha pili. Nikacheka, nikasema, kumbe unajua kizuri. Nikamwinua, nikampa. Alifurahi, mama. Funda la kwanza alifumba macho kwa utamu."

Funda la pili lilikwenda mapafuni. Disfajia ni shida ya kumeza. Mtu mwenye shida hiyo hapewi kahawa wala maji hivi hivi. Kinywaji chake hukorogwa na unga mpaka kiwe kizito kama uji, ili kooni kishuke taratibu. Mzee Ouellette alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana wake, namfahamu, angeweza kukaa misa nzima na chakula cha baadaye bila kufungua mdomo ila kwa sala na viazi. Kwa hiyo alipoambiwa aonyeshe kwa kidole, alionyesha tu, na Delphine akaona sawa na alivyosoma.

Walimwahi. Wauguzi wakamvuta kahawa kooni kwa mashine, wakampeleka hospitali, akalala huko majuma matatu na homa ya mapafu. Hakufa. Nashukuru Mungu kila siku kwamba hakufa.

"Bi Pelkey aliniuliza mbele ya wote," Delphine akasema. "Disfajia ni nini? Nikamjibu. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema, uliniambia unajua."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini? Nimechanganya. Kichwa changu kimejaa viazi." Akajipiga paji la uso kwa ngumi, si kwa mzaha. "Amenipa mpaka Jumanne niandike barua kwa kamati ya shule, nieleze. Kukiwa na sababu ya maana, narudia kozi mwezi wa sita. Ikiwa ni uzembe, basi, jina langu linafutwa."

Fungu la kadi lilikuwa kwangu, na kitabu pia, kwa sababu tulikuwa tunasomea kwangu. Alipoondoka sikupika. Nilifungua utepe.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, saa tisa, nilipaswa kuwa kanisani kwa Njia ya Msalaba. Nilitafuta kadi ya disfajia nikaigeuza, nikaiweka kando ya kitabu. Kitabu kilisema shida ya kumeza. Kadi ilisema shida ya kutamka. Nikavaa miwani mingine. Haikubadilika.

Nikarudi nyuma kadi moja. Disartria. Kitabu kikasema hiyo ndiyo shida ya kutamka maneno. Kadi yangu ikasema majimaji yatokayo mwilini au kidondani. Nikarudi nyuma moja tena, na hapo nikaona. Neno lile lilikuwa dischaji, ambalo kwa tahajia ya Kiingereza hutangulia disartria, na katika orodha nzima ndilo pekee lililokuwa na maana mbili, zimepewa namba ndogo. Moja, mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mbili, majimaji yatokayo mwilini au kidondani. Zote mbili zimeanza kwa herufi kubwa. Mimi na rula yangu na kanuni yangu tuliiona ya pili tukasema, maana mpya, kadi mpya. Ikaenda nyuma ya disartria. Maana ya disartria ikasukumwa nyuma ya disfajia. Na maana ya disfajia?

Kadi iliyofuata ilikuwa dispinia. Nikaigeuza. Shida ya kumeza. Nikatazama kitabu. Dispinia haikuwa na maana yoyote upande wa kulia, pako wazi. Ni kushoto tu, kando ya neno lenyewe, kwa herufi ndogo kwenye mabano: tazama upungufu wa pumzi. Siku ya maneno niliyaacha mabano, nikaandika neno tu. Siku ya maana upande wa kushoto ulifunikwa, na rula ilipita juu ya mahali pasipo kitu. Mstari ukajinyoosha tena. Moja iliongezeka, moja ikapungua, na hesabu ikaja sawa. Hesabu niliyoishukuru kwa ishara ya msalaba.

Kadi tatu. Mia moja thelathini na tatu zilikuwa sahihi na nzuri kama maandishi ya cheti cha ndoa.

Kama ningekuwa nimefanya alivyoniambia, neno, geuza, maana, weka chini, nisingeweza kukosea hivyo hata kwa kusinzia. Neno lingekuwa bado kichwani ninapoandika maana yake. Ningefika kwa dispinia nikakuta patupu, ningeuliza. Njia yake ilikuwa ya polepole na ilikuwa na akili. Yangu ilikuwa ya mifuko ya viazi.

Hapo ndipo nilipopaswa kuinuka, kuvaa buti na kuvuka ua. Hatua arobaini. Barua ilikuwa haijaandikwa. Kadi zile tatu mkononi mwake zingekuwa ndiyo barua, kwa mwandiko wa mtu mwingine, Bi Pelkey aone kwa macho yake kwamba mwanafunzi alisoma, na alisoma kwa bidii, ila alichosoma ndicho kilichokuwa kimepinda.

Sikuinuka. Nilijiambia nitamwambia baada ya misa. Kisha nikawaza atakavyonitazama. Nikawaza mzee Ouellette, na mke wake tunayekaa naye benchi moja. Nikawaza sahani isiyoliwa na mtu. Nikachukua kadi tatu safi.

Niliandika upya. Safari hii moja moja, neno, geuza, maana. Disartria, disfajia, dispinia. Kwa dispinia nilitafuta upungufu wa pumzi kwenye herufi yake nikaandika maana yote, si "tazama." Wino ulipokauka nilizikunjakunja pembe kidogo zifanane na nyingine zilizoshikwashikwa. Nikazitia mahali pake, nikafunga utepe. Zile tatu za zamani sikuzichoma. Sijui kwa nini. Nilizitia ndani ya kitabu changu cha sala, kwenye ukurasa wa sala za wanaokufa, ukurasa ambao sikuufungua tangu Normand.

Jumatatu Delphine akaja kuchukua vitu vyake. Alisimama pale pale mezani akafungua fungu, akatafuta kadi ile. Nilikuwa nakausha kikombe kilichokwisha kukauka.

Akaisoma mbele. Akaigeuza.

"Shida ya kumeza," akasema polepole. "Mama. Ilikuwa hapa. Muda wote ilikuwa hapa."

Nikakausha kikombe.

"Lakini tuliisoma pamoja. Nakumbuka nilikuwa nasema kutamka, na wewe unasema sawa."

Huo ulikuwa mlango, Mungu alinifungulia kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema, "Jioni macho yangu si mazuri, mwanangu. Labda nilikuwa nasema sawa kwa mazoea."

Alinitazama, si kwa ubaya. Kwa huruma. Alinihurumia mimi! Akaja akaniwekea mkono begani.

"Usijilaumu," akasema. "Kusoma ni kwangu, si kwako. Umeandika vizuri, mimi ndiye sijasoma vizuri."

Aliandika barua Jumanne asubuhi. Alinisomea kabla ya kuipeleka. Ilikuwa fupi. Alisema hakuna wa kulaumiwa ila yeye, maana sahihi ilikuwa mbele ya macho yake na hakuizingatia, na anaomba radhi kwa mzee Ouellette na familia yake. Nikamsahihishia neno moja alilokosea herufi. Ndiyo, nilifanya hivyo pia.

Kamati ikajibu kwa juma moja. Mtu aliyekuwa na maana sahihi mbele ya macho yake na asiizingatie, waliandika, hafai kuachiwa wagonjwa. Jina likafutwa.

Nikaenda kuungama. Padre ni kijana, anatoka mbali, alinisikiliza akaniuliza swali moja: "Yeye anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi mimi unaniambia nini?" Hakuninyima ondoleo, lakini alinipa malipizi mepesi kiasi kwamba nilielewa malipizi yenyewe hayajaanza.

Pasaka ikapita. Theluji ikawa matope. Delphine alianza kutoa makabati nje ya nyumba ya mama yake, na kibao cha kuuza nyumba kikasimamishwa uani. Kila siku nilimwona kutoka dirishani pangu anapanga maboksi. Aliyaandika kwa ule mwandiko wake wa kuku, "vyombo", "mama", "sijui".

Jumamosi ya mwisho alikuja kuaga. Nilikuwa nimepika ploye tangu alfajiri, fungu zima chini ya taulo, na kretoni, ile nyama ya nguruwe ya kusagwa ya kupaka anayoipenda. Akaketi mahali pake.

"Dada anasema kule hakuna ploye," akasema. "Nimemwambia, basi mnaishije? Kama wanyama?"

"Nitakutumia unga."

"Unga bila kikaango chako ni vumbi." Akapaka siagi, akakunja, akala. "Nilikuwa nawaza njiani nikija. Unajua kitu gani kinaniuma? Si cheti. Ni kwamba nilikuwa na uhakika. Nilipomwambia Bi Pelkey najua, nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu. Sasa nikijua kitu chochote najiuliza, je, hiki nacho? Nimesimama mbele ya jiko langu mwenyewe, nauliza hii swichi ni ya kuwasha au kuzima. Mama, mtu akishakosa kujiamini hivyo, anaanzia wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa hasira, kwa kila kitu. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilidhani nimemwibia cheti tu.

Nikafuta mikono. Nikaenda chumbani, nikarudi na kitabu cha sala, nikakifungua ukurasa ule, nikamwekea mezani kadi tatu, neno juu. Nilizinyoosha kwa mstari mmoja. Masista walitufundisha hivyo pia.

"Hizi ndizo ulizosoma," nikasema. "Hukusoma vibaya. Ulisoma nilichoandika."

Akaweka ploye chini. Akachukua ya kwanza, akaisoma, akaigeuza. Disartria. Akaiweka. Akachukua ya pili. Hiyo aliishika muda mrefu, akiigeuza mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta mshono. Ya tatu aliigeuza mara moja tu.

Nikamweleza yote. Mifuko ya viazi, rula, herufi kubwa, mabano. Nikamweleza kadi mpya na pembe nilizozikunja. Sikujitetea, au nilijaribu kutojitetea, ingawa nilipolisikia neno "mazoea" likitoka tena kinywani mwangu nililikata katikati.

Redio ya jikoni ilikuwa inasoma hali ya hewa. Mto unajaa, walisema.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Ile ile. Kabla ya barua."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeulizwa swali akajua jibu lake. Akazipanga zile kadi tatu, pembe kwa pembe, akazisukuma kwa vidole viwili mpaka upande wangu wa meza. Akainuka. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni ingawa nje kulikuwa na jua. Buti zake zilikuwa kwenye mkeka. Alizivaa amesimama, mkono mmoja ukutani, nami nikasubiri aseme chochote, hata tusi.

Akafungua mlango, akatoka, akaurudisha taratibu nyuma yake.